Jiko la gesi la mtumba lenye namba badala ya digrii: uzoefu wangu wa miezi minane, Arusha

Jiko hili nililinunua hapa Arusha, kwenye duka la vyombo vilivyotumika vinavyokuja kwa kontena kutoka Uingereza. Lina plati nne juu na oveni chini. Bati lake ni nene, na mlango wa oveni unafunga vizuri kabisa. Nililipa shilingi 420,000 pamoja na kubadilishiwa nozeli ili litumie mtungi wetu wa gesi. Oveni haina kipimajoto, na swichi yake haina digrii. Imeandikwa ½, halafu 1 hadi 9.

Mapishi yangu yote nimeyaandika kwa digrii za selsiasi, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kujua namba ipi ni digrii ngapi. Namba hizi ni za Waingereza, zilianza mwaka 1923 na themostati iliyoitwa Regulo. Zilipangwa kwa farenhaiti: namba 1 ni 275, na kila namba inayofuata inaongeza 25. Hatua hiyo ya 25 ukiigeuza kuwa selsiasi ni karibu digrii 14. Ndiyo maana mimi sihitaji jedwali. Nazidisha namba kwa 14, kisha naongeza 121. Namba 4 inatoa 56 jumlisha 121, yaani 177, ambayo vitabu vya mapishi huiandika 180 kwa kurahisisha. Namba 6 inatoa 205, nayo huandikwa 200. Ukitoka kwenye digrii kwenda kwenye namba, unatoa 121 kwanza, halafu unagawa kwa 14. Pishi la digrii 160 linabaki na 39, ukigawa unapata 2.8, basi unaweka 3.

Kuna mtego mmoja hapo. Mapishi mengi ya siku hizi yameandikwa kwa oveni za umeme zenye feni, na feni hupeleka joto kwenye chakula haraka zaidi. Pishi likisema 160 kwa feni, kwenye oveni isiyo na feni hiyo ni 180. Kwa hiyo ongeza 20 kabla ya kuanza hesabu, na unaishia kwenye 4, si 3.

Hesabu ilikuwa sawa, lakini keki haikuwa sawa. Keki yangu ya siagi, ambayo nimeioka miaka mingi kwa 180, niliiweka namba 4. Dakika ya 25 ilikuwa imepasuka juu, rangi imekolea kama maandazi yaliyosahaulika kwenye mafuta, na kijiti nilichochoma katikati kikatoka na uji. Wiki iliyofuata nilioka biskuti kwa namba 2, ambayo ni kama 150. Chini ziliungua. Kitu kilichonisumbua ni kwamba mkate niliooka kwa namba 7 ulitoka mzuri sana, na ganda lake likawa jinsi nilivyolitaka. Kama swichi ingekuwa imehama tu, mkate nao ungeharibika.

Jirani yangu aliniambia nipime kwa maji, kwamba yakichemka ni digrii 100. Kwa oveni haisaidii, kwa sababu maji hayapandi zaidi ya hapo hata joto la oveni likiwa 200. Tena Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye 95 hivi. Kinachosaidia ni sukari. Sukari nyeupe huanza kuyeyuka ikifika karibu digrii 186, na mwinuko hauibadilishi. Ukiangalia vizuri utaona uzuri wake: namba 4 ni 177 na namba 5 ni 191, basi sukari imekaa katikati yao. Oveni nzima kwenye 4 haiyeyushi sukari, kwenye 5 inayeyusha.

Ninavyofanya ni hivi. Nawasha oveni kwenye namba ninayotaka kupima na kuiacha nusu saa nzima, kwa sababu kuta zikiwa bado baridi jibu ni la uongo. Nakunja foili iwe kama kisahani, namwaga kijiko kimoja cha chai cha sukari na kuitandaza iwe nyembamba. Naiweka kwenye rafu ya katikati, maana kwenye oveni ya gesi namba imekusudiwa katikati. Juu kuna joto zaidi, chini kuna joto pungufu. Baada ya dakika 15 naitoa. Sukari lazima iwe nyeupe iliyosafishwa na kavu. Ile yetu ya rangi ya kahawia ina molasi na huanza kulegea mapema. Na usizidishe dakika 15, kwa kuwa sukari ikikaa muda mrefu hubadilika rangi na kulegea hata chini ya 186, ukadhani oveni ina joto kuliko ilivyo.

Jumamosi moja nikapima. Namba 4, sukari ikawa maji ya rangi ya asali. Nikashusha hadi 3, ikayeyuka vilevile. Nikasubiri oveni ipoe, nikaanza upya kwa namba 2. Punje za pembeni ziling'aa kwanza, zikashikana, halafu zote zikalala chini kama gundi. Namba 2 inayopaswa kuwa 149 ilikuwa imepita 186!

Kwa namba za juu sukari haikuambii kitu, itayeyuka tu. Huko natumia unga wa ngano: kijiko kimoja kwenye trei kavu, dakika tano. Kwenye joto la wastani la 180 hadi 190 unakuwa wa dhahabu, kwenye 220 unakuwa kahawia iliyokolea, na zaidi ya hapo unakaribia weusi. Ni kipimo cha macho, hakitenganishi namba mbili zinazofuatana, ila kwa namba 7 kilinionyesha kahawia iliyokolea kama inavyotakiwa. Basi nikawa na picha: juu oveni iko sawa, chini imekwama. Ni kama vile 2, 3 na 4 zote zilikuwa namba moja.

Nikafungua mlango nikainama kuangalia moto. Oveni yenye themostati ina kijiti chembamba cha chuma ndani, mara nyingi juu au nyuma, kinachohisi joto. Likifika kiasi ulichoweka, moto wenyewe unashuka, na unasikia mlio wake ukipungua. Hii pia ndiyo njia ya kujua kama namba zako ni za kweli. Yapo majiko yenye namba kwenye swichi lakini hayana themostati, na namba zake ni ukubwa wa moto tu. Moto haushuki kamwe, joto linazidi kupanda kadiri unavyokaa, na hesabu ya 14 na 121 haina maana yoyote kwa jiko la namna hiyo. Langu lilishuka. Kwenye namba 2 lilishuka mapema, baada ya kama dakika sita, lakini moto uliobaki ulikuwa bado na urefu wa kidole cha shahada. Moto huo mdogo, ambao unatakiwa kutunza joto tu, ndio ulikuwa unaendelea kupika.

Nilimwita fundi wa gesi, si yule wa dukani. Nikamwonyesha foili zangu tatu. Akatoa swichi na bati la mbele, akamulika kwa simu.

"Mama, hapa walibadilisha nozeli tu," akasema. "Hii skrubu ya moto mdogo haijaguswa."

Pembeni ya themostati kuna skrubu ndogo ya shaba inayoruhusu gesi kidogo ipite hata themostati ikifunga, ili moto usizimike. Jiko hili lilitengenezwa kwa gesi ya bomba ya Uingereza. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi na inakuja kwa msukumo mkubwa zaidi, kwa hiyo tundu lile lile linatoa moto unaokaribia mara mbili. Kwenye namba 7 huoni kasoro, kwa sababu moto mdogo hauwezi kufikisha 220 peke yake. Kwenye 2 unaona, kwa sababu moto mdogo peke yake unavuka 150 na kuendelea.

Alipasha oveni kwanza, akashusha swichi hadi mwisho, kisha akazungusha skrubu kidogo kidogo kufuata mshale wa saa mpaka moto ukabaki mfupi kama nusu ya ukucha, wa bluu, umetulia. Akafungua na kufunga mlango wa oveni kwa nguvu mara tatu kuhakikisha hauzimiki kwa upepo. Mwisho akapaka povu la sabuni kwenye viungio vyote kutafuta mapovu ya gesi inayovuja. Kazi hii usijifanyie mwenyewe. Moto mdogo ukizimika huku gesi inatoka, nyumba nzima iko hatarini.

Jioni ile ile nikarudia sukari. Namba 2, punje zote nyeupe, zinachuruzika kama zilivyotoka kwenye pakiti. Namba 3 hivyo hivyo. Namba 4, dakika 15, bado punje, zina joto tu. Namba 5, ukingo wa foili ukaanza kung'aa na kushikana, katikati bado kavu. Nilifurahi kuliko siku nilipolinunua jiko.

Sasa keki ya siagi naiweka namba 4 kwenye rafu ya katikati, nayo inaiva kwa dakika 45, juu iko tambarare. Biskuti ni namba 2 au 3. Kuku naanza naye 6, nikishusha 4 baada ya nusu saa. Namba ½ bado siiamini. Nilijaribu kukaushia meringi humo ikapata rangi ya maziwa, kwa hiyo naacha mlango wazi kidogo kwa kubana kijiko cha mbao.

Kwa jiko lenyewe nimeridhika. Joto lake ni tulivu kuliko la oveni ndogo ya umeme niliyokuwa nayo, na umeme ukikatika keki haiharibiki. Kwa huduma ya dukani sijaridhika, kwa sababu walinihakikishia jiko limeshabadilishwa kwa gesi ya mtungi, na ukweli ni kwamba walibadilisha nusu. Ukienda kununua la aina hii, waombe waliwashe mbele yako kwenye namba 1 kwa dakika 20, halafu inama uangalie moto uliobaki. Ukiwa na urefu wa kidole, fundi wao hajamaliza kazi, na usitoe pesa yote kabla hajaigusa skrubu hiyo.