Uzoefu wangu na 74HC160: chipu nne zinazohesabu mizunguko ya koili

Nimesuka koili za transfoma kwa mkono kwa miaka, na kilichokuwa kinanichosha si waya bali kuhesabu. Mtu akikusemesha ukiwa mzunguko wa 640, unaanza upya. Kwa hiyo nilijenga kihesabio cha tarakimu nne: sumaku ndogo kwenye gurudumu la mashine, sensa ya sumaku pembeni yake, na chipu nne za 74HC160 kwa mamoja, makumi, mamia na maelfu. Kila chipu inaipelekea 74HC4511 tarakimu yake, nayo inawasha taa za vipande saba. Nimeshakitumia miezi kadhaa, na nina mengi mazuri ya kusema juu ya chipu hii, pamoja na mambo mawili yaliyonipotezea siku nzima kila moja.

Chipu yenyewe inahesabu 0 hadi 9, kisha inarudi 0. Inasogea pale CLK inapopanda, ila kwa sharti kwamba pini mbili za ruhusa, ENP (pini 7) na ENT (pini 10), zote ziko juu. RCO (pini 15) inapanda chipu ikifika 9, na hiyo ndiyo "beba moja" yetu. Uzuri wake ni kwamba chipu zote nne zinapokea pigo lile lile kwa wakati mmoja. Ya makumi inapigwa kila mzunguko kama ya mamoja, lakini inakaa kimya hadi jirani yake aipe ruhusa.

Nimeona watu wakiichukua RCO na kuiingiza kwenye CLK ya chipu inayofuata. Usifanye hivyo. RCO inapanda chipu inapoingia 9, wakati makumi yanatakiwa kuongezeka inapotoka 9. Utasoma 08, kisha 19, kisha 10. Zaidi ya hapo, RCO inaweza kutoa vijipigo vifupi vya uongo tarakimu zinapobadilika. Kwenye pini ya ruhusa havina madhara, kwa sababu ruhusa inasomwa tu CLK inapopanda, na kufikia wakati huo vimeshatulia. Kwenye CLK kila kimoja kinaweza kuhesabiwa.

Mimi hilo nililijua, ila nilikosea kwingine. Niliziona pini mbili za ruhusa, nikadhani ni pacha. Nikaunganisha RCO ya kila chipu na ENP ya inayofuata, na ENT zote nikazifunga kwenye volti 5. Mizunguko ya kwanza ilikwenda vizuri kabisa: 0009, 0010, 0019, 0020, hadi 0090. Mzunguko wa 91 ukasoma 0191, wa 92 ukasoma 0292. Mamia yakawa yanapanda kila mzunguko hadi 0999, na mzunguko wa 100 ukatoa 1000. Kuanzia hapo kila mia ilihesabiwa kama elfu. Koili ya mizunguko 240 ilisoma 2040.

Kinachodanganya ni kwamba kati ya chipu mbili za kwanza mpangilio huo ni sahihi, kwa hiyo ukijaribu hadi 50 utasema kazi imekwisha. Sababu iko kwenye kanuni ya RCO:

```
RCO = ENT · QA · QD
```

QA na QD zikiwa juu pamoja, chipu iko kwenye 9. Tazama kwamba ENT imo na ENP haimo. Kwa kuwa ENT ya makumi ilikuwa juu daima, RCO yake ilikaa juu muda wote makumi yakiwa 9, yaani kuanzia 90 hadi 99, na mamia yakaruhusiwa mara kumi badala ya moja. Chipu ya mamia haitakiwi kujua kwamba makumi ni 9 tu. Inatakiwa kujua kwamba makumi ni 9 na mamoja nayo ni 9. ENT ndiyo inayopitisha habari hiyo kutoka chipu hadi chipu.

Nikahamisha waya tatu: RCO ya mamoja kwenye ENT ya makumi, RCO ya makumi kwenye ENT ya mamia, na ya mamia kwenye ENT ya maelfu. ENP zote, pamoja na ENT ya mamoja, zikaenda volti 5. Sasa RCO ya makumi inapanda kwenye 99 tu, na ya mamia kwenye 999 tu. Kwa kujaribu bila kuzungusha mara elfu, niliiweka 0989 kupitia pini za kupakia (LOAD ikiwa chini, pigo moja, kisha irudi juu), nikatazama ikivuka 0990, 0999 na 1000. Jaribio hilo la mapigo 11 lingenionyesha kosa langu siku ya kwanza.

Ruhusa hii inachukua muda kupita kila chipu, kwa hiyo ukipanga nyingi kwenye mapigo ya kasi sana ya mwisho inaweza kuchelewa kupata habari. Hapo ndipo ENP inapopata kazi: RCO ya mamoja inapelekwa kwenye ENP za chipu zote zinazofuata, ENT ya makumi inafungwa juu, na mnyororo wa ENT unaanzia kwenye RCO ya makumi. Makumi na wenzake hubadilika mara moja kwa kila mapigo kumi, hivyo mnyororo huo una muda wa kutosha kutulia. Mashine ya kusuka haihitaji hilo.

Jambo la pili lilinisumbua zaidi, kwa sababu halikutokea kila mara. Baada ya mizunguko mia kadhaa, hesabu ilikuwa pungufu kwa 10 kamili, wakati mwingine 20. Tarakimu ya mamoja ilikuwa sahihi siku zote. Ukiona hivyo, usiilaumu sensa: ingekuwa inakosa mizunguko, mamoja yangeharibika pia. Kilichokuwa kinapotea ni kule kubeba.

Sensa yangu inavutwa juu na rezista ya kilo-omu 10 kupitia waya wa kama mita moja, na CLK ilikuwa inapanda polepole, kama mikrosekunde mbili. Chipu hazikubaliani kikamilifu ni volti ngapi zihesabiwe kuwa "juu". Tofauti ya volti 0.2 tu, kwa mpando wa taratibu hivyo, ni kama nanosekunde 80. Ya mamoja ikiwahi, inatoka 9 kwenda 0 na RCO yake inashuka ndani ya makumi machache ya nanosekunde. Ya makumi inapostuka kuwa pigo limefika, ruhusa imeshaondolewa, na 09 inakuwa 00. Dawa ilikuwa kupitisha pigo kwenye 74HC14 karibu kabisa na chipu, ili CLK ipande kwa ghafla kwa wote. Nikaongeza pia kapasita ya nanofaradi 100 kwenye umeme wa kila chipu. Tangu hapo sijapoteza kumi hata moja.

Kama utanunua, angalia namba kwa makini. 74HC162 nayo inahesabu kumi, ila kitufe chake cha kufuta kinasubiri pigo lifuate. Kwa gurudumu la mkono ni usumbufu, ndiyo maana nilichukua 160 inayofuta papo hapo. 74HC161 ina pini zile zile kabisa lakini inahesabu hadi 15, na 4511 itazima taa ikipita 9. Ukiona tarakimu moja inapotea kwa mapigo sita baada ya 9, soma tena maandishi ya mgongoni mwa chipu.