Kuhariri video kwa simu tupu: programu ipi uilipie, ipi utumie bure, na simu inapogomea

Mama mmoja anayeanika dagaa pale Kibirizi, nje kidogo ya mji wa Kigoma, aliniita nimtengenezee video ya dakika tatu ya kuwatumia wateja wake wa Dar es Salaam. Alitaka waone mchanga umefagiwa, dagaa wako juu ya chanja, na mzigo unafungwa ukiwa mkavu. Kompyuta sina. Nilikuwa na simu ya kawaida yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na humo nafasi iliyobaki wazi ilikuwa GB 9. Kazi ile ndiyo iliyonifundisha kupanga programu hizi kama ninavyozipanga hapa, na nitairudia mara kwa mara.

Kabla ya programu, piga hesabu ya nafasi, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Video ya 1080p yenye picha 30 kwa sekunde, ikirekodiwa kwa mfumo wa H.264, inakula takriban MB 130 kila dakika. Kule Kibirizi nilirekodi dakika 40, nikatumia karibu GB 5.2 na kubakiwa na GB 3.8. Ningeweka kamera kwenye 4K, kila dakika ingekula kama MB 350, yaani GB 14 kwa kazi nzima, na simu ingejaa kabla boti za usiku hazijamaliza kushusha. Kuna mfumo mwingine, HEVC, unaopunguza mzigo huo hadi karibu nusu, lakini simu dhaifu hupata shida kuufungua wakati wa kuhariri na picha zikaanza kurukaruka. Kwa simu ya GB 4 mimi hubaki na H.264 na 1080p.

Video ya mwisho haina njaa kubwa hivyo. Ukiitoa kwa megabiti 10 kwa sekunde, dakika tatu zinakuwa MB 225. Lakini programu nayo huandika mafaili yake ya muda inapofanya kazi, kwa hiyo mimi siianzi kazi kama sina angalau GB 2 zilizo wazi.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza: VN. Kwa mtu wa simu ya kati asiye na hela ya kulipa kila mwezi, naanza na hii. Kazi za msingi inazifanya bila mtandao, haibandiki nembo yake juu ya video yako, na inakuruhusu kupanga picha, sauti na maandishi kwenye mistari inayoonekana vizuri. Kilichonifanya niipende zaidi kiko mwishoni: ukibonyeza Export unaweza kuchagua mwenyewe ukubwa wa picha, idadi ya picha kwa sekunde na megabiti. Ndipo nilipoweka zile 10 zangu. Ina toleo la kulipia, ila video ya dagaa niliimaliza bila kuligusa.

Ya pili: CapCut. Ukitazama wingi wa mapambo, hakuna inayoifikia. Kwa video fupi za wima za mitandaoni ina kasi kweli. Naiweka ya pili kwa sababu mbili. Vitu vingi vizuri vimehamia upande wa Pro, na mara nyingi unagundua hilo umeshamaliza kazi: unabonyeza Export, inakuambia ulipie au uondoe ile athari uliyoiweka dakika ya pili. Ya pili, maandishi yanayojiandika yenyewe kutokana na sauti na baadhi ya mapambo yanahitaji mtandao, na bando likikata huku mwaloni unabaki unatazama mduara unazunguka. Kumbuka pia kufuta kile kipande chenye jina lao inachokiongeza mwishoni. Nimeona matangazo ya biashara mjini yanamalizika na nembo ya CapCut badala ya namba ya simu ya mwenye duka.

Ya tatu: KineMaster. Kwangu hii ndiyo inayostahili hela kama unafanya kazi za watu kila wiki. Toleo la bure linabandika nembo juu ya video nzima, kwa hiyo kwa kazi ya mteja ni lazima ulipie. Ina jambo moja ambalo wengi hawalijui: kwenye mipangilio kuna sehemu ya Device Capability Information, inayokuonyesha simu yako inaweza kutoa video ya ukubwa gani na kubeba tabaka ngapi za video kwa pamoja. Itazame kabla hujatoa hata shilingi. Simu ikikuambia inabeba tabaka chache tu, kulipia hakutaiongezea nguvu. Jingine zuri ni kwamba unaweza kuhifadhi kazi nzima kama faili la .kine, ukaliweka kwenye flashi. Simu ikianguka ziwani, kazi bado unayo.

Ya nne: InShot. Nyepesi, rahisi, inafaa kwa anayekata mwanzo na mwisho, kuweka muziki na kuandika bei. Nembo yake inaondoka ukikubali kutazama tangazo, au ukilipia. Imekuwa na chaguo la kulipa mara moja badala ya kila mwezi, na kwa muuza nguo wa Mwanga anayepost kila siku hilo linaweza kuwa na maana. Kazi yenye mahojiano na sauti mbili inaichosha upesi.

LumaFusion nayo ipo, unainunua mara moja, lakini inataka simu au tableti yenye nguvu. Mwenye simu kama yangu apite.

Kuhusu malipo: Play Store inakubali kadi, na kadi ya mtandaoni unayoifungua ndani ya huduma ya pesa za simu inaweza kutosha. Ukilipia ya mwezi, ingia Play Store sehemu ya Subscriptions siku hiyohiyo uifute. Utaendelea kuitumia hadi mwezi uishe, na haitakukata tena bila wewe kujua. Zile programu "zilizovunjwa" zinazorushwa kwa Xender kutoka simu hadi simu nimeziacha. Niliwahi kuweka moja. Baada ya wiki mbili ilikataa kufunguka, na kazi tatu zilizokuwa ndani yake zikaenda nayo.

Jaribio langu kabla ya kulipa huchukua robo saa. Narekodi dakika moja, naweka picha ndogo juu ya kubwa, maandishi na muziki, kisha naitoa kwa 1080p. Ikichukua zaidi ya dakika nne, au picha ikikwama ninapoitazama tena nje ya programu, hiyo si ya simu yangu, hata ikisifiwa vipi.

Sasa nije kwenye sauti, maana ndiko simu iliponishinda. Upepo wa Ziwa Tanganyika asubuhi unaingia kwenye maiki ya simu kama mtu anapuliza moto. Kelele hiyo ikishaingia imeingia. Vitufe vya kupunguza kelele vinaondoa upepo pamoja na nusu ya sauti ya mtu, anabaki anaongea kama yuko ndani ya pipa. Kwa hiyo nilichukua simu ya pili, nikawasha kinasa sauti, mama akaificha ndani ya khanga karibu na kifua. Nikapiga kofi moja mbele ya kamera ili nipate mahali pa kulinganisha.

Kofi la mwanzo lilikaa sawasawa. Mahojiano yalikuwa ya dakika 11, na kufika mwisho midomo ilikuwa imeachana na maneno kwa karibu theluthi ya sekunde. Nilidhani nimekosea kupanga. Kumbe kamera za simu hazirekodi picha 30 kamili kila sekunde. Alfajiri mwanga ukiwa hafifu, simu hupunguza picha yenyewe ili zisiwe nyeusi, na baadhi ya programu zinahesabu picha hizo kana kwamba zilikuja kwa mwendo mmoja. Sauti ya simu ya pili inaendelea na saa yake.

Kwenye kompyuta ungeigeuza video kwanza iwe na mwendo mmoja. Kwenye simu nilifanya hivi: nilikata sauti vipande vinne, kila kipande mahali mama alipovuta pumzi, nikasogeza kila kimoja kidogo hadi midomo ikakaa. Ilinichukua saa nzima. Siku hizi napiga kofi mwanzo na mwisho ili nijue mapema kama kuna mteleko, sirekodi mahojiano zaidi ya dakika tatu kwa mkupuo, na kama kamera ina kitufe cha Auto FPS, kile kinachoiruhusu ipunguze picha kwa sekunde yenyewe, nakizima.

Wakati wa kutoa video, toa kava la simu, iweke kivulini, na usiichaji hapohapo. Simu ikipata moto inajipunguza kasi yenyewe. Weka hali ya ndegeni, maana ukipigiwa au ukihamia WhatsApp, simu ya RAM ndogo inaweza kuifunga programu ikiwa asilimia 90. Na usifute vipande vya asili kwenye galari eti kwa kuwa umeshaviingiza. Mara nyingi programu inavisoma kutoka kulekule. Ukivifuta, unakuta mistari mitupu.

Nilimtumia mama video yake, akanipigia.

"Mwanangu, mbona dagaa wangu wanaonekana kama uji?"

Nilikuwa nimemtumia kama video ya kawaida WhatsApp, ikaminywa. Nikaituma tena kama Document, akawaona dagaa mmojammoja. Hivyohivyo ukipokea vipande kutoka kwa mtu mwingine: aje navyo kwa Xender au avitume kama Document, kwa sababu kilichokwisha kuminywa hakirudi.

Kuna kazi nazikataa. Harusi ya Ujiji yenye kamera tatu na saa tano za picha siifanyi kwenye simu, maana hata nafasi ya kuziweka haitoshi, na kuzilinganisha kamera tatu kwenye kioo cha inchi sita ni kujitesa. Pia kazi iliyoanzia kwenye simu mara nyingi haifunguki kwenye programu ya kompyuta ya fundi. Ataanza upya. Kwa hiyo nikiona kazi itanizidi, sianzi kukata. Nahamishia mafaili ya asili kwenye flashi kwa waya wa OTG, sauti kwenye folda yake, na nampelekea mwenye kompyuta pamoja na karatasi niliyoandika kwa mkono: jina la kila faili, dakika ya kuanzia na ya kuishia.