Feni inazunguka kivivu, fundi anaimwagia oili tu!

Niseme wazi, hasira bado haijanitoka. Feni yangu ya kusimama, ambayo wala si ya zamani, ilianza kuzunguka kivivu. Namba tatu ilipepea kama namba moja. Namba moja ilinguruma tu, panga hazitoki mpaka nizisukume kwa kijiti. Nikampelekea fundi. Hakuzigusa panga hata kwa kidole. "Bushi zimekauka," akasema, akamwaga oili nyuma ya mota. Nilipomwambia hakuna kilichobadilika, akapaza sauti mbele za watu: "Basi mota imekufa, dada. Kanunue nyingine, usinifundishe kazi!"

Kinachoniuma ni kwamba kupima jambo hili hakuhitaji hata kifaa. Chomoa waya ukutani, fungua wavu wa mbele, zungusha panga kwa mkono kisha uachie. Zangu ziliendelea kuzunguka zenyewe kwa raha, zikapunguza mwendo polepole hadi zikasimama. Bushi iliyokauka haikuachii hivyo: shafti inakuwa nzito, inakwaruza, na panga zinasimama karibu papo hapo. Hata ukizima feni ikiwa kasi, inakatika ghafla. Mara nyingi utakuta nywele na vumbi vimejisokota kwenye shafti, na mota inachemka.

Panga nyepesi, mngurumo upo, feni haianzi bila kusukumwa: hapo mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita. Ndiyo inayoipa mota nguvu ya kuanza, na inaendelea kuisaidia muda wote inapozunguka, kwa hiyo ikichoka hata kasi inashuka.

Fundi wa pili, mtu mpole, alizungusha panga kwanza. Kisha akafungua kifuniko cha nyuma, akaunganisha ncha za kapasita kupitia rezista ili umeme uliobaki uishe, akakata waya wake mmoja na kuweka mita. Ubavuni imeandikwa mikrofaradi 1.5, mita ikasoma 0.7. Kwa nje haikuwa imevimba wala kuungua, ungeiona nzima kabisa. Akaweka nyingine ya 1.5 yenye volti zilezile. Kubwa zaidi alikataa, akasema itachemsha mota. Namba moja ikaondoka yenyewe bila kusukumwa.

Nilikuwa nimeshaapa kwamba feni hii ni takataka. Naliondoa neno hilo. Mota yake ni nzima, upepo umerudi wote. Lakini siwezi kuisifu moja kwa moja, maana kapasita kuchoka mapema hivi ni ubahili wa walioiunda. Na ile oili ya yule bwana? Kumbe ilikuwa ya kupikia. Fundi wa pili alilazimika kuvua shafti na kuisugua, kwa sababu mafuta hayo yakipata joto yanaganda kama gundi. Bushi ambazo hazikuwa na tatizo zilikuwa zinaelekea kukwama kweli. Amezilainisha kwa matone machache ya oili ya cherehani.

Feni naipa nyota tatu. Hapana, nne. Yule fundi wa kwanza hapati hata moja.