Bashraf, mpira na sauti ya ndugu yangu wa Wete: mwaka mmoja wa Spotify kwenye PS5

Mimi nakaa Kikwajuni, Unguja. Mtoto wa ami yangu yuko Wete, Pemba. Usiku baada ya isha tunacheza mpira mtandaoni, timu moja, huku tunazungumza, na kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikipiga muziki wa Spotify juu ya mchezo. Programu hiyo iko kwenye PlayStation tangu 2015, na huku Tanzania huduma yenyewe ilifunguliwa 2021, kwa hiyo hakuna ujanja wowote: unaipakua kwenye mashine, unaingia kwa akaunti yako, unachagua nyimbo kwa simu, zinalia kwenye TV. Kupiga muziki ni kazi ya dakika tano. Kuupanga usimeze sauti ya mwenzio kulinichukua wiki mbili, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Usiku wa kwanza niliweka taarab, sauti inatoka kwenye spika za TV, maiki ni ile iliyomo ndani ya pedi. Dakika ya tatu ndugu yangu akasema, "Kaka, hiyo nyimbo naisikia kama iko ndani ya mtungi. Na mimi mwenyewe najisikia nikirudi." Sababu ni nyepesi ukishaijua. Pedi ya PS5 ina maiki yake, nayo hailijui koo lako. Inachukua kila kinacholia chumbani. Muziki wangu ulitoka kwenye TV, ukaingia kwenye maiki, ukafika Wete. Sauti yake nayo ikatoka kwenye TV yangu, ikaingia kwenye maiki ileile, ikamrudia. Dalili ni hiyo: mwenzako akisikia mwangwi wa sauti yake, kosa liko upande wako, haliko kwake. Jaribu kubonyeza kitufe cha kuzima maiki kilicho chini ya kitufe cha PS, kitawaka rangi ya chungwa. Mwangwi ukikatika, umeshaupata ugonjwa.

Dawa yake ni hedifoni. Za blututhi za kawaida PS5 haizipokei, kwa hiyo nilikwenda Darajani kutafuta za waya za kuchomeka kwenye pedi. Angalia ncha ya waya kabla hujalipa: yenye mikanda mitatu myeusi ina njia ya maiki, yenye miwili ni ya kusikiliza tu. Mimi nilinunua ya miwili kwanza, nikarudi kesho yake. Halafu kwenye mpangilio wa sauti kuna sehemu inayoitwa `Output to Headphones`. Ikiwa imewekwa `Chat Audio`, mazungumzo peke yake ndiyo yanakuja masikioni, mchezo na muziki vinabaki kwenye TV, na chumba kinaendelea kuvuja kwenye maiki. Weka `All Audio`.

Hapo mwangwi ukaisha, tukabaki na shida kubwa zaidi. Masikioni mwangu sasa kuna sauti tatu: mchezo, ndugu yangu, na muziki. Mashine inakupa mstari mmoja wa kusogeza kati ya mchezo na mazungumzo, wenye ncha mbili tu. Muziki hauna ncha yake hapo. Sauti yake inarekebishwa kwenye kadi ya muziki, unayoipata ukibonyeza kitufe cha PS mara moja katikati ya mchezo. Nilikuwa naushika huo mstari peke yake na kuuhangaisha kushoto na kulia, nisielewe kwa nini sipati nafuu.

Utaratibu ulionifaa unaanzia ndani ya mchezo wenyewe. Michezo mingi ya mpira ina vipimo vyake vya sauti: muziki wa menyu, mtangazaji, mashabiki, na mlio wa mpira na filimbi. Muziki wa menyu niliupeleka sifuri, maana vinginevyo nyimbo mbili zitagongana kila mkirudi kwenye menyu. Mtangazaji naye sifuri. Mashabiki nusu. Filimbi na mpira nikaviacha juu, kwa kuwa hivyo ndivyo ninavyochezea. Baada ya hapo, muziki ukiwa umezimwa kabisa, nikasogeza ule mstari kidogo upande wa mazungumzo hadi nikamsikia vizuri hata mashabiki wakipiga kelele za goli. Muziki ukaja mwisho, kutoka sifuri kupanda.

Kujua pa kusimama, tulibuni jaribio. Yeye anataja tarakimu kumi kwa sauti yake ya kawaida huku mpira unaendelea, mimi nazirudia. Muziki ukiwa nusu ya kipimo nilipata sita. Nikaupunguza hadi karibu robo, nikapata zote kumi, na ngoma bado naisikia. Lifanye jaribio kwa nyimbo yenye kelele kuliko zote kwenye orodha yako. Mimi nililifanya kwa taarab iliyorekodiwa zamani, ambayo sauti yake iko chini, halafu ikafuata singeli, na ndugu yangu akapotea kabisa.

Kuna jambo nililoligundua kwa bahati, nami naliona ndilo lenye thamani kuliko yote. Kwa kipimo kilekile cha sauti, taarab yenye mwimbaji ilinipotezea maneno ya ndugu yangu, lakini bashraf, ile ya kufungulia, ganuni na fidla na ngoma bila mwimbaji, haikunipotezea hata neno. Sikio linafuata maneno lenyewe. Mwimbaji akisema kwa Kiswahili na ndugu yako akisema "pitisha kulia" kwa Kiswahili, akili inalazimika kuchagua, na mara nyingi inachagua ule ushairi. Nyimbo za lugha nisiyoielewa zinanisumbua kidogo, ila si kama za Kiswahili. Kwa hiyo siku ya mechi ngumu nina orodha ya bashraf na ala tupu, na tukicheza kwa kujifurahisha tu naruhusu waimbaji. Anayetumia akaunti ya bure akumbuke kwamba matangazo nayo ni mtu anayezungumza, na yanaweza kuja wakati wowote kati ya nyimbo na nyimbo.

Upande wa bando si mzigo mkubwa. Muziki wa kilobiti 160 kwa sekunde unakula kama megabaiti 72 kwa saa, na wa 320 mara mbili ya hapo. Kinachonisumbua ni kwamba muziki hauvutwi kidogo kidogo sawasawa, unavutwa kwa mikupuo. Intaneti yangu ni ya laini ya simu, na saa tatu usiku inapokuwa imezidiwa, mkupuo huo unaikata sauti ya ndugu yangu na mchezaji wangu anasimama kwa nusu sekunde. Namna ya kutambua: kama mkwamo unakuja kila nyimbo inapobadilika, muziki ndio sababu, ukija ovyo, ni mtandao wenyewe. Usiku kama huo nazima muziki wa mashine, naweka simu pembeni ilie nyimbo nilizokwisha kuzipakua, kwa sauti ndogo, na sikio moja naliacha nje ya hedifoni. Maiki ya kwenye waya iko karibu na mdomo, kwa hiyo haichukui mengi. Ndugu yangu anasema anaisikia ganuni kwa mbali sana, na hajaniambia niizime.