Mfuko wa koli au kuuza koli mwenyewe: Aprili ile iliniondoa uvumilivu

Nimekaa na hasira hii muda mrefu na sasa naitoa. Nina vipande vya mfuko mmoja wa Marekani unaouza koli kila mwezi juu ya Nasdaq-100, fahirisi ya kampuni kubwa 100 za soko la Nasdaq, na pembeni nina hisa zangu 100 za QQQ, mfuko unaoifuata tu fahirisi hiyo, ambazo nauzia koli mwenyewe. Jina la mfuko silitaji, wala la dalali wangu, ambaye zamu yake inakuja. Naishi Texas, na mgao wa mfuko ndio ninaomtumia mama Tanga kila mwezi, kwa hiyo hili kwangu si suala la kubishania kahawani.

Kwa asiyejua koli: ni mkataba unaompa mtu haki ya kununua hisa zako 100 kwa bei mliyopanga, mpaka tarehe mliyopanga. Ni kama kupokea arbuni ya kiwanja. Mnunuzi asipotokea, arbuni ni yako na kiwanja ni chako. Bei za viwanja zikipaa, anakuja na kukilipia kwa bei ile ile ya zamani. Arbuni hiyo kwenye soko la hisa huitwa primiamu.

Mfuko wangu unauza koli juu ya mali yake yote, kwa bei ya fahirisi ya siku hiyo hiyo, Ijumaa ya tatu ya kila mwezi. Hauangalii kama soko limepaa au limeanguka. Kanuni ikisema uza, unauza. Mwaka wa utulivu huoni ubaya wowote. Primiamu inaingia, mgao unakuja, unamsifu meneja. Ubaya wake unaonekana soko likianguka ghafla halafu likainuka ghafla, na ndicho kilichotokea katika masika ya 2025.

Nifuatilie hatua kwa hatua, kwa sababu watu wengi wanaisikia habari hii juu juu tu. Ijumaa ya tatu ya Machi Nasdaq-100 ilikuwa karibu 19,750. Mfuko ukauza koli hapo. Ukaja mtikisiko wa ushuru wa forodha, fahirisi ikashuka hadi karibu 17,100 tarehe 8 Aprili, na kesho yake ushuru uliposimamishwa kwa muda ikaruka asilimia 12 kwa siku moja. Mkataba wa Aprili ulipoisha tarehe 17, Alhamisi kwa sababu kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, fahirisi ilikuwa karibu 18,250. Mpaka hapo mfuko umeshuka pamoja na soko, umepoozwa kidogo tu na primiamu ya Machi.

Sasa ndipo uchungu wenyewe. Kwa kanuni yake mfuko ulitakiwa kuuza koli mpya, na ukaziuza pale pale penye 18,250. Yaani hasara umeichukua kutoka juu, kisha ukaweka dari chini. Mkataba wa Mei ulipoisha tarehe 16, fahirisi ilikuwa karibu 21,400. Soko limepanda asilimia 17 ndani ya mwezi mmoja, na mfuko ukaambulia primiamu peke yake, ambayo kwa hesabu yangu ilikuwa kati ya asilimia 3 na 4. Kutoka Machi hadi Mei aliyekaa na fahirisi bila kufanya chochote alikuwa mbele kwa asilimia 8 hivi. Mimi, ukijumlisha na migao yote, nilikuwa pale pale, au chini kidogo. Nilibeba karibu hofu yote ya kushuka, na furaha ya kupanda ikachukuliwa na mtu mwingine.

Halafu wanakwambia kipato ni "tulivu". Kipato gani tulivu? Mifuko ya namna hii mara nyingi hulenga kutoa kama asilimia 1 ya thamani ya kipande kwa mwezi. Asilimia haibadiliki, sawa, lakini asilimia 1 ya kitu kilichopungua ni pesa iliyopungua. Thamani ikishuka na dari ikaizuia kurudi, mgao wako unashuka na hauinuki tena kwa urahisi. Mama hapokei asilimia. Anapokea shilingi, na shilingi zilipungua. Ukitaka kuupima mfuko wowote wa aina hii, achana na asilimia ya mgao inayoandikwa kwa herufi kubwa. Tazama grafu ya bei ya kipande kwa miaka 5 au 10. Ikiwa inateremka huku fahirisi yake inapanda, basi sehemu ya kile unacholipwa ni mtaji wako mwenyewe unarudishiwa vipande vipande.

Tena ada. Mifuko inayojulikana hutoza takriban kati ya asilimia 0.35 na 0.70 kwa mwaka. Wangu ni 0.60. Kwa mali ya dola 44,400, ambayo ndiyo ilikuwa thamani ya hisa 100 za QQQ tarehe ile 17 Aprili, hiyo ni dola 266 kwa mwaka. Kwangu mimi ninayeuza mwenyewe, QQQ mwaka huo wa 2025 ilikuwa inanikata asilimia 0.20, yaani dola 89, na dalali ananitoza senti 65 kwa kila mkataba. Nikiuza na kununua tena kila mwezi, mwaka mzima haufiki dola 16. Ada ya kweli huku haiandikwi popote: ni pengo kati ya bei ya mnunuzi na bei ya muuzaji. Kwenye QQQ pengo hilo ni jembamba. Kwenye hisa ya kampuni ndogo linaweza kumeza robo ya primiamu yako.

Siku ile ile mfuko ulipojifunga chini, mimi niliuza koli yangu ya Mei kwa bei ya mkataba ya 470, wakati QQQ ilikuwa kama 444. Nilipokea karibu dola 5 kwa hisa, yaani 500 kwa mkataba. Primiamu ilikuwa nono kwa sababu soko lilikuwa bado na woga. VIX, kipimo cha woga wa soko la hisa la Marekani, ilikuwa imevuka 50 siku chache tu kabla. Nilikubali arbuni ndogo kuliko ya mfuko ili nijiachie nafasi ya kupanda dola 26 kabla ya kufika dari. Hata kama hisa zingetwaliwa kwa 470, ningepata asilimia 7 hivi, karibu mara mbili ya mfuko. Haifiki 17, na sijifanyi inafika. Lakini uamuzi ulikuwa wangu. Soko likiwa limelala chini unaweza kupandisha bei ya mkataba, au usiuze kabisa mwezi huo. Mfuko wa kanuni hauna ruhusa hiyo hata meneja wake angetaka.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kuandika kwamba kila mtu auze mwenyewe, basi. Mpaka dalali wangu aliponionyesha upande wa pili.

Ilikuwa Jumatatu moja ya Mei, Marekani na China walipopunguziana ushuru na soko likafunguka kwa kishindo. QQQ ilivuka 500. Nilitaka kusogeza mkataba: kununua koli yangu ya 470 na papo hapo kuuza ya Juni ya 480. Kazi hii hufanywa kwa oda moja yenye pande mbili, na wewe unataja tofauti ya mwisho unayokubali kulipa. Programu yao ikaganda. Nikapiga simu, nikasikilizishwa muziki mpaka sikio likauma, kisha akaja kijana. Nikamweleza vizuri, kwa adabu. Akanijibu, "Bwana, si ulitaka kipato? Umeshakipata. Acha hisa ziende."

Hisa ni zangu! Sikumuuliza ushauri. Nikarudia: oda moja, tofauti ya dola 5 na nusu, si zaidi. Akasema amenielewa. Alichofanya ni kununua ile ya Mei kwa bei ya soko, kisha kuuza ya Juni kwa bei ya soko, oda mbili mbalimbali, asubuhi ambayo pengo la bei lilikuwa limefunguka kama mlango. Nikapoteza karibu dola 90 hapo hapo, na juu yake dola 25 za "huduma ya simu". Nilipolalamika wakarudisha zile 25, na barua pepe ikasema malalamiko yamefungwa. Zile 90 hazikutajwa.

Usiku huo nilisema afadhali mfuko. Mfuko haukudharau. Haukuamshi asubuhi kuwahi soko. Hautaki uwe na dola 44,000 ili upate mkataba mmoja; kipande kimoja kinatosha. Na mwenye hisa 100 tu hawezi kuuza koli juu ya nusu yake, wakati ipo mifuko inayouza juu ya nusu tu ya mali na kuiacha nusu nyingine ipande. Mifuko ya aina hiyo sina ugomvi nayo mkubwa. Ugomvi wangu ni na ule unaofunga mali yote kwa bei ya siku.

Lakini nikitulia narudi kule kule. Yule kijana alinigharimu dola 90. Kanuni ya mfuko, kwa mali ya thamani ile ile, ilinigharimu maelfu ndani ya mwezi mmoja, na hakuna hata namba ya simu ya kumfokea mtu.

Ndugu zangu mlioko Dar na Nairobi mnaonunua kupitia madalali wa nje, kwenu hesabu ni kali zaidi. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo mgao ukihesabiwa kuwa gawio unakatwa asilimia 30 kabla haujawafikia. Primiamu ya koli mliyouza wenyewe kwa kawaida haikatwi hivyo. Ulizeni kwanza mgao wa mfuko unaoutaka huwekwa kwenye fungu gani, kabla hamjavutwa na ile asilimia kubwa ya tangazo.

Vipande vya mfuko nimeuza zaidi ya nusu. Vilivyobaki navibakiza kwa ajili ya pesa ya mama, mpaka nipate mfuko wa kuuza nusu ninaouamini. Ombi la kuhamishia hisa 100 kwa dalali mwingine limeshakwenda. Huko nitaanza kwa kuwapigia simu saa soko linapofunguka, niwaombe wasogeze mkataba mmoja kwa oda moja, kwa bei nitakayoitaja mimi.