SMS, programu au ufunguo: kipi cha kulindia barua pepe ya biashara

Shoga yangu anauza leso Mwembe Tayari, wateja wengi anawapata Instagram. Jumapili moja akiwa kwenye foleni ya feri Likoni, simu ikapoteza mtandao. Akadhani yatapita. Kumbe kuna mtu amejifanya yeye, akarudishiwa laini ile kwenye kadi mpya, na misimbo ya kuingilia barua pepe ikawa inamfikia huyo. Alipovuka, barua pepe imekwenda, na ukurasa wa duka ukafuata.

Ndiyo maana SMS naiweka ya tatu: msimbo unafuata laini, haufuati simu yako. Itumie pale tu ambapo huna njia nyingine. Na ukiona mtandao umekatika ilhali wenzako wa kampuni hiyo hiyo wanapiga, azima simu hapo hapo, laini ifungwe.

Ya pili ni programu kama Google Authenticator au Aegis, na ni ya bure. Ukishapiga picha ule mraba wa madoadoa ambao tovuti inakuonyesha, simu na tovuti zinabaki na siri moja, na kila sekunde 30 zinaipiga hesabu pamoja na saa kupata tarakimu 6. Haihitaji mtandao, kwa hivyo mwizi wa laini hapati kitu. (Misimbo ikikataliwa, tazama kwanza saa ya simu.) Tatizo ni kwamba msimbo unausoma wewe na kuuandika wewe. Tapeli akikutumia kiungo cha ukurasa unaofanana na wa Google, utaandika neno la siri, utaandika tarakimu 6, naye anaziingiza kwenye ukurasa wa kweli kabla hazijaisha muda.

Ufunguo, yaani kifaa kidogo cha kuchomeka au kugusisha kwenye simu, kama YubiKey, ndio wa kwanza kwangu. Siku ya kuusajili unafungamana na jina la tovuti, tuseme google.com. Ukifika kwenye ukurasa bandia, hata kama tofauti ni nukta iliyogeuzwa kistari ambayo jicho halikuiona, kivinjari kinaupa ufunguo jina lile la bandia, nao hauna la kujibu. Huna msimbo wa kumpa tapeli hata ukitaka.

Kabla ya kulipa, tazama tundu la simu yako. Ufunguo wa USB-C hauingii kwenye tundu la zamani, na wa kugusisha mgongoni unataka simu yenye NFC. Nunua miwili, mmoja ukae nyumbani. Kama pesa haitoshi, kaa na programu, usinunue mmoja ukajifungia nje. Chapisha pia ile misimbo 10 ya akiba ambayo Google hutoa; kila mmoja hutumika mara moja.

Wengi hukosea baada ya kununua: namba ya simu wanaiacha kwenye akaunti. Mwizi anabonyeza tu “jaribu njia nyingine”, anachagua SMS, na ufunguo wako wa pesa nyingi unabaki pambo. Shoga yangu aliifuta namba siku ile ile aliposajili wa pili.