Uzoefu wangu wa kuuza mtandaoni: malipo huja kila wiki, lakini mtaji hubaki njiani

Nauza chupa za chai katika soko moja la mtandaoni hapa Nairobi, na mzigo nauchukua kwa bei ya jumla Kamukunji. Soko hilo hulipa siku lililoahidi, na kwa hilo sina malalamiko. Kinachomsumbua muuzaji ni hesabu ya siku. Wiki ya malipo huanza Jumatatu na kufungwa Jumapili, fedha huingia Ijumaa inayofuata, na bidhaa huhesabiwa kuwa imeuzwa pale tu mteja anapoipokea. Oda ya Jumatatu ikifika kwa mteja Alhamisi, nalipwa baada ya siku 11. Oda ya Alhamisi ikifika Jumatatu, huangukia wiki nyingine, nami nasubiri siku 15.

Chupa moja nainunua shilingi 900 na kuiuza 1,400. Kamisheni na gharama za kusafirisha zikikatwa, hubaki 1,100, yaani faida ya shilingi 200. Nikiuza chupa 5 kwa siku na kuhesabu ule muda mrefu wa siku 15, shilingi 67,500 za mtaji huwa zimeshikwa njiani, mbali na mzigo uliomo stoo. Mauzo yakifika chupa 10 kwa siku, fedha hizo huwa 135,000. Ndiyo maana misimu ya ofa, ambayo wengi huingojea kwa hamu, ndiyo humwacha muuzaji bila mzigo huku oda zikiendelea kuingia.

Kwa hiyo, kila Ijumaa nafungua taarifa ya malipo kabla ya kugusa fedha, nahesabu chupa zilizolipwa, kisha nahamisha shilingi 900 kwa kila chupa kwenye akaunti ya mzigo peke yake. Kodi ya stoo na mahitaji ya nyumbani hutoka katika zile 200, na wiki nyingine hazitoshi. Kabla ya ofa napunguza idadi ya bidhaa ninazoonyesha, ili nisiuze zaidi ya ninachoweza kukinunua tena kabla ya malipo mawili yajayo.

Mkopo wa simu wenye ada ya asilimia 7.5 nauogopa, kwa kuwa unakula shilingi 67.50 kwa kila chupa, karibu theluthi ya faida. Nauchukua tu ikiwa mzigo utakwisha kabla ya Ijumaa.

Jambo ninalolipinga ni bidhaa zinazorudishwa. Fedha za mteja hukatwa katika taarifa ya wiki hiyo hiyo, ilhali chupa yenyewe huweza kuchelewa kunifikia, na mara nyingine hufika ikiwa imebonyea. Nalinganisha namba za oda zilizokatwa na chupa nilizopokea kwa mkono, na isiyoonekana naidai kwa maandishi kabla wiki haijafungwa.

Mwenye mtaji wa mzunguko mmoja tu nisingemshauri aanze na bidhaa ya faida ndogo kama hii.